Mtoto akikojoa rangi ya mkandaa

Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa ndiyo kwanza nashuka feri Likoni. "Dada, huyu mtoto anakojoa mkandaa." Nilidhani ni utani, hadi nilipofika kwake Majengo nikaonyeshwa poti: mkojo mweusi-mwekundu, chai ya rangi kabisa. Mtoto ana miaka mitatu. Macho yalikuwa ya manjano, viganja vimepauka, na pumzi inakwenda mbio.

Asubuhi yake zahanati moja ilikuwa imempima malaria, haikuonekana. Kijiti cha mkojo kikaonyesha damu, akapewa antibayotiki. Mimi nafanya kazi maabara, na swali langu la kwanza lilikuwa: kuna aliyeutazama mkojo huo kwa hadubini? Hakuna. Usiku ule hospitalini ukatazamwa, na hapakuwa na seli nyekundu hata moja. Kijiti kinasema damu, hadubini inasema hakuna seli. Hapo fikiria himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, iliyomwagika: seli zimepasukia ndani ya mishipa, na rangi yake imechujwa na figo. Himoglobini yake ilikuwa imeshuka hadi 6.1, akaongezwa damu.

Kisha nikaiona slaidi ya damu yake. Seli kadhaa zilikuwa kama andazi lililomegwa upande mmoja. Aliyezimega ni bandama, au wengu kama vitabu vinavyoiita.

Seli nyekundu ina upana wa mikroni 7 hadi 8. Ndani ya bandama hulazimika kujipenyeza katika nyufa za mikroni 1 hadi 2 tu. Seli changa hujikunja ikapita bila shida. Iliyozeeka, baada ya kama siku 120, imekakamaa. Inakwama, na seli walaji zilizokaa hapo zinaimeza. Chuma chake kinarudishwa kutengenezea damu mpya, na mabaki ya rangi yanageuka bilirubini, ile ya manjano tunayoiona machoni ikizidi. Ni afadhali seli iishie hapo kuliko ipasuke njiani, kwa sababu himoglobini inayozagaa huumiza figo.

Huyu mtoto seli zake hazikuwa zimezeeka. Ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachoikinga seli na kemikali zinazoichoma kwa ndani. Kinga ikikosekana, himoglobini huganda vidonge vidogo na kunata kwenye ukuta wa seli. Seli ikifika kwenye ufa, mwili wake unapita lakini kidonge hakipiti. Seli mlaji inakinyofoa pamoja na kipande cha ukuta, na seli inatoka imemegwa. Mzunguko unaofuata huenda isipite kabisa.

Bandama hiyo hiyo ndiyo huvunja damu katika magonjwa mengine, kwa sababu tofauti. Kuna waliorithi seli za duara kama gololi, ambazo hazikunjiki. Hao, hali ikiwa mbaya, kuondolewa bandama huwasaidia sana. Kuna ambao kinga ya mwili wao hubandika kingamwili kwenye seli zao wenyewe, na seli walaji zinazitambua na kuzila. Hao hupimwa kipimo cha Kumbsi. Kwa G6PD kuondoa bandama si tiba. Tiba ni kumtafuta mchokozi na kumwepuka.

Mchokozi tulimpata kwenye sanduku la nguo za Idi: gololi za nafthalini. Dada mkubwa wa mtoto akakiri kwamba siku tatu nyuma alimkuta mdogo wake anamumunya moja, akadhani peremende. Kwa mtoto mchanga mwenye upungufu huu, hata blanketi lililohifadhiwa nazo laweza kuleta balaa.

Sasa sehemu inayowaponza wengi. Kipimo cha G6PD cha wiki ile kilirudi sawa, na mdogo wangu akafurahi. Nikamwambia asifurahi bado. Seli kuukuu, zenye kimeng'enya kidogo, ndizo zilizokufa kwanza. Zilizobaki na zilizotoka karibuni kwenye uboho zina kingi zaidi, na juu yake kulikuwa na damu ya mtu mwingine. Tulirudia baada ya miezi mitatu na kikaonyesha upungufu. Majibu yakiwa sawa katikati ya shambulio, dai kipimo cha pili.

Upungufu huu hubebwa na kromosomu X, kwa hiyo wavulana huupata kutoka kwa mama zao. Mdogo wangu alilia aliposikia hivyo, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuugua. Sasa ana kadi kwenye pochi ya kumwonyesha mfamasia: primakwini na dapsoni zisitolewe bila daktari kujua. Bibi yake alitaka kupiga marufuku na mbaazi za nazi. Nikamzuia: kunde inayokatazwa ni ile ya fava, wanayopikia ful. Mahamri na mbaazi mtoto anakula kama kawaida, na sanduku la nguo sasa lina karafuu.