Maswali na majibu: safuwima ya tatu unatoa ngapi?

Wiki hii nimechagua maswali ya kuhesabu matriksi zenye kinyume juu ya uga wenye elementi q, yaani oda ya GL(n, q). Barua nyingi zina ugonjwa mmoja: mtu kaikariri kanuni, akaijaribu kwenye mfano mmoja mdogo, jibu likakubali, akafunga daftari.

Kwa GL(3, q) nilitoa q kwa safuwima ya kwanza na q kwa ya pili, nikapata (q³ − 1)(q³ − q)(q³ − 2q). Kwa q = 2 inatoa 168, ambayo ni sahihi. Mbona mwalimu kaikata?

Kaikata kwa sababu ni kosa, na 168 yako ni bahati tu. Kwa q = 2, 2q na q² zote ni 4. Umechagua mfano pekee ambao hauwezi kukuumbua. Weka q = 3: kanuni yako inatoa 26 × 24 × 21 = 13104, na idadi ya kweli ni 26 × 24 × 18 = 11232.

Tuangalie kwa karibu. Fanya kazi kwa baki ya 3, safuwima ya kwanza iwe u = (1, 0, 2) na ya pili v = (0, 1, 1). Vigawe vya u ni vitatu: (0, 0, 0), (1, 0, 2) na (2, 0, 1). Vya v pia ni vitatu: (0, 0, 0), (0, 1, 1) na (0, 2, 2). Wewe umejumlisha 3 na 3 ukapata 6, lakini sifuri umeihesabu mara mbili, kwa hiyo vekta ulizozizuia kweli ni 5. Halafu kuna ambazo hukuziona kabisa: u + v = (1, 1, 0), u + 2v = (1, 2, 1), 2u + v = (2, 1, 2) na 2u + 2v = (2, 2, 0). Hizi si kigawe cha u wala cha v, na bado ukiweka yoyote kati yake kwenye safuwima ya tatu, ditaminanti inakuwa sifuri. Tano na nne ni tisa, yaani q².

Kwa q = 2 makosa yako mawili yalifutana. Sifuri iliongezwa mara moja zaidi, na u + v, ambayo ndiyo peke yake uliyoisahau, ikapungua. Hesabu ikatoka sawa huku hoja imeoza.

Kinachozuiwa, basi, ni kila mchanganyiko au + bv, ambapo a na b ni elementi zozote za uga. Chaguo za a ni q, za b ni q, na michanganyiko yote q² ni tofauti: kama miwili ingelingana, ungeitoa mmoja kwa mwingine ukabaki na uhusiano kati ya u na v, na hizo tumezichagua zisizotegemeana, yaani hakuna iliyo kigawe cha nyingine. Hapo ndipo ilipo siri ya njia nzima, na karibu hakuna anayeiandika kwenye jibu lake. Idadi ya zilizozuiwa haibadiliki hata ukichagua u na v nyingine, na ndiyo maana una ruhusa ya kuzidisha hatua kwa hatua. Safuwima ya kwanza: q³ − 1. Ya pili: q³ − q. Ya tatu: q³ − q². Kwa n yoyote unaendelea hivyo hadi qⁿ − qⁿ⁻¹.

Na tafadhali, msijaribu kanuni kwa q = 2 peke yake.

Nikianza na safumlalo badala ya safuwima, jibu linabadilika?

Halibadiliki. Pindua matriksi, kinyume chake kinapinduka nacho.

Si tugawanye kwa n! kwa kuwa mpangilio wa safuwima haujalishi?

Unajalisha. Ukibadilishana safuwima mbili umepata matriksi nyingine, na tunahesabu matriksi. Ukigawanya unakuwa umejibu swali jingine: kuna seti ngapi za vekta n zisizotegemeana. Nalo ni swali zuri. Kwa GL(3, 2), 168 ÷ 6 = 28, na unaweza kuihakiki bila kanuni. Vekta zisizo sifuri ni 7, na seti za vekta tatu kutoka humo ni 35. Zinazoharibika ni zile ambazo vekta moja ni jumla ya mbili nyingine, kama 110, 011 na 101. Hizo ni 7. Zinabaki 28.

Juu ya uga wa elementi 2, ditaminanti ni 0 au 1 tu. Kwa nini basi zenye kinyume si nusu ya matriksi zote?

Kuwa na majibu mawili hakumaanishi yanatokea sawasawa. Za 2 × 2 ziko 16, na zenye kinyume ni 3 × 2 = 6. Fuata safuwima: ya kwanza ikishakuwa si sifuri, ya pili kweli inaponea nusu kwa nusu, 2 kati ya 4. Lakini kwanza lazima ya kwanza ipone, na hiyo ina nafasi 3 kati ya 4. Zidisha: 3/8. Kwa 3 × 3 ni 168 kati ya 512, karibu theluthi moja. Nusu yako ni hatua ya mwisho tu. Hatua za kabla yake umezisahau.

Nimeandika programu ya kuhesabu GL(2, 4) kwa kutumia 0, 1, 2, 3 na baki ya 4. Inatoa 96, kanuni inasema 180. Kanuni ina kasoro?

Barua ya aina hii hainiishii. Kanuni haina kasoro na programu yako pia huenda haina. Ulichohesabu si uga. Kwa baki ya 4, 2 × 2 = 0, kwa hiyo 2 haina kinyume. Safuwima (2, 0) si sifuri, lakini matriksi yoyote inayoanza nayo ina ditaminanti shufwa, na hiyo haigeuziki. Kwako safuwima ya kwanza ina chaguo 12, si 15, na ya pili 8: ndiyo 96 yako. Uga wa elementi 4 una 0, 1, w na w + 1, ambapo 1 + 1 = 0 na w × w = w + 1. Iandikie programu majedwali hayo ya kujumlisha na kuzidisha, itatoa 15 × 12 = 180.

Zenye ditaminanti 1 ni ngapi?

Gawanya kwa q − 1. Kuzidisha safuwima ya kwanza kwa elementi isiyo sifuri kunakuhamisha kutoka ditaminanti moja hadi nyingine, kwa hiyo zote zina mafungu sawa. GL(2, 3) ina 48, kwa hiyo jibu ni 24.

Nisaidie oda ya GL(2, 6). Kanuni inanipa 35 × 30 = 1050.

Uga wa elementi 6 haupo. Idadi lazima iwe kipeo cha namba tasa. Kama ulimaanisha baki ya 6, zenye kinyume ni 6 × 48 = 288: moja kwa baki ya 2, nyingine kwa baki ya 3. Na soma jibu lililotangulia la baki ya 4 kabla hujaniandikia tena.