Jibu la swali la mikataba

"Nimetaja vifungu vyote, mhadhiri kaandika 'huchambui'. Nakosea wapi?"

Mdogo wangu, umemwaga sheria kabla ya hoja. Tuseme kijana wa miaka 17 kakopa injini ya mtumbwi mwaloni Kirumba, kisha kagoma kulipa. Hoja iwe swali: alikuwa na uwezo wa kuingia mkataba? Kanuni, sentensi moja: kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya asiye na uwezo ni batili. Kisha matumizi, penye alama nyingi: "Kwa kuwa siku ya makubaliano alikuwa na miaka 17, na utu uzima ni 18..." Aya isiyomtaja kijana bado ni kanuni. Hitimisho: muuzaji hawezi kudai bei kwa mkataba huo. Kurudishiwa injini? Hoja nyingine, ianze upya.