Mpe Msambazaji Mpango wa Ofa Kabla ya Kumpa Oda

Katika kazi yangu ya kupanga oda za rejareja, bidhaa nyingi nilizoona zikiisha rafuni ziliisha katikati ya ofa, ilhali ofa ni jambo ambalo duka lenyewe limelipanga na kulijua mapema. Msambazaji ndiye asiyejua, kwa kuwa anachopokea ni oda tu, na oda kubwa inapomfikia wiki moja kabla ya ofa huku kiwanda kikihitaji wiki nne kupata vifungashio na kuzalisha, hawezi kuitimiza hata akitaka.

Kwa hiyo mpango wa ofa umfikie angalau wiki sita kabla, ukionyesha bidhaa, punguzo, tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na makadirio yaliyogawanywa sehemu mbili: mauzo ya kawaida na nyongeza itakayoletwa na ofa. Mkitumiana jumla pekee, hamtajua mnabishania nini.

Chukua mfano wa sabuni ya unga inayouzwa katoni 400 kwa wiki. Duka linakadiria kwamba katika ofa ya wiki mbili zitauzwa 800 kwa wiki, lakini msambazaji anakadiria 650. Pande hizo zilikuwa zimekubaliana kwamba tofauti ikizidi asilimia 10 watu wazungumze badala ya kugawana tofauti nusu kwa nusu, desturi ambayo mimi siipendi hata kidogo. Katika mazungumzo inabainika kwamba msambazaji alitumia kumbukumbu za mzigo aliopeleka katika ofa iliyopita, yaani katoni 1,300. Takwimu za mauzo za duka zinaonyesha kwamba mzigo huo uliisha siku ya 11 kati ya 14. Kwa kasi ya katoni 118 hivi kwa siku, zingeweza kuuzwa takriban 1,650, sawa na 825 kwa wiki. Kasi ya siku za mwanzo huenda ilichangiwa na wateja waliowahi ofa, hivyo 800 ni makadirio ya busara.

Ndiyo maana nasisitiza duka litoe mauzo ya kila siku pamoja na idadi ya bidhaa iliyobaki, maana siku yenye mauzo sifuri na rafu tupu haimaanishi kwamba wateja hawakuitaka bidhaa.

Baada ya makubaliano, wekeni tarehe ambayo kiasi hakibadilishwi tena bila simu na ridhaa ya pande zote mbili. Kwa kiwanda hicho, ni wiki nne kabla ya ofa. Kisha kadirieni pia wiki zinazofuata ofa. Wateja waliojiwekea akiba ya sabuni hawatanunua upesi, na mauzo yanaweza kushuka hadi katoni 250 kwa muda. Msambazaji asiyeambiwa hilo ataendelea kuzalisha kwa kasi ya ofa, na mzigo utakaomlalia ghalani utamfanya apunguze makadirio ya ofa ijayo.