Chenga zimepungua, maandishi bado hayasomeki

"Nimepiga picha 16 za sanamu kwenye mwanga hafifu, kamera ikiwa kwenye stendi, nikaziunganisha. Chenga zimepungua, lakini maandishi madogo bado hayasomeki. Kwa nini?"

Stendi ndiyo iliyokunyima, ndugu. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: 16 hubakisha robo, na ukitaka nusu ya hiyo robo, andaa 64. Lakini kila pikseli yako imetazama palepale mara zote, kwa hiyo hakuna undani mpya.

Piga kwa mkono, shata ya haraka (ISO ikipanda, iache), ili kila picha isogee kidogo. Zikuze mara mbili kila upande, zioanishe, ndipo uchukue wastani. Ukiona kingo mbilimbili, kuna picha haijaoana, itoe.