Kitovu Hakina Kina

*Mwanafunzi wangu amejibu hivi: “Kitovu cha tetemeko la mwaka 2004 kilikuwa kilomita 30 chini ya bahari.” Mwalimu mwenzangu asema nimpe alama zote mbili, kwa kuwa hata watangazaji husema hivyo. Nifanyeje?* — Mwalimu, Kisauni

Mpe alama moja, mwalimu, nayo ni ya ile namba. Watangazaji nimewavumilia miaka mingi kila wanaposoma kwamba kitovu “kilikuwa na kina cha kilomita 10”, kana kwamba binadamu huzaliwa na kitovu ndani ya figo, lakini karatasi ya mtihani si taarifa ya habari.

Neno lenyewe ni la Kibantu na halina fumbo. Kitovu kiko juu ya ngozi ya tumbo, mkunga hukifunga na jicho hukiona. Kitovu pekee kiendacho ardhini ni kile cha mtoto mchanga, ndiyo maana mtu wa hapa husema Mvita ndiko kulikozikwa kitovu chake, na hata hicho hakizikwi kilomita 30. Kitovu cha tetemeko nacho ni mahali juu ya uso wa dunia: kina latitudo na longitudo, ila hakina kina. Chini yake wima, mwamba ulipoanza kupasuka, ndipo penye kiini, kama kiini cha yai kilivyo ndani ya gamba. Aseme “kiini cha tetemeko” kwa ukamilifu, kwa maana kiini cha dunia ni kingine, nacho huanzia kilomita 2,900 hivi chini.

Tuchukue tetemeko hilo hilo la tarehe 26 Desemba, ambalo mawimbi yake yalifika pwani yetu siku iyo hiyo, watu wakaondolewa ufuoni. Kitovu kilikuwa baharini, magharibi ya Sumatra ya kaskazini. Kiini kilikuwa kwenye kina cha kilomita 30 hivi, pale bamba la Uhindi linapozama chini ya bamba la Bama. Kutoka kwenye kiini hicho ufa ulikimbia zaidi ya kilomita 1,200 kuelekea kaskazini, kwa hiyo wale wanaofasili kitovu kuwa “mahali palipoharibika zaidi” nao wamekosea.

Hili si ukaidi wa mzee wa sarufi. Mabamba yanapoachana, kama katika Bonde la Ufa, viini havishuki mbali. Bamba moja linapozama chini ya jingine, viini hushuka pamoja nalo, hata kufikia karibu kilomita 700, na kadiri unavyolifuata bamba hilo ndivyo vinavyozidi kwenda chini. Aina ya mpaka hutambulika kwa kina hicho, na mtoto aliyekwisha kukitupa kitovu shimoni atakosa neno la kuyaeleza hayo swali linalofuata.

Mwenzako naye, kabla hajagawa alama za bure, na apapase tumbo lake.