Uwiano wa kafara: usihesabu mwaka mmoja

"Nimegawa ukosefu wa ajira wa ziada wa Marekani 1982 kwa pointi za mfumuko wa bei zilizoshuka, nikapata uwiano wa kafara 0.55. Mhadhiri ameweka alama ya kuuliza. Kwa nini?"

Habari ndugu, mimi niko Kisumu. Uwiano wa kafara ni jumla ya ukosefu wa ajira wa ziada unaovumiliwa kwa kila pointi ya mfumuko inayoshuka. Umehesabu maumivu ya mwaka mmoja, lakini mfumuko ulishuka ndani ya miaka minne: kutoka 10.3% mwaka 1981 hadi 3.6% mwaka 1985, yaani pointi 6.7. Ukichukulia kiwango asilia cha ukosefu wa ajira, yaani kile cha kawaida uchumi ukiwa shwari, ni 6%, ziada ya 1982 hadi 1985 ni 3.7, 3.6, 1.5 na 1.2. Jumla 10. Gawa kwa 6.7 upate kama 1.5. Taja hiyo 6% kuwa dhana, ukiweka 6.5%, uwiano unashuka hadi 1.2.

Matarajio ya watu kuhusu bei yaingize hapo. Muuzaji wa soko la Kibuye asiyeamini bei zitatulia huongeza bei mapema, na mkunjo wa Phillips, unaohusisha mfumuko na ukosefu wa ajira, hukawia kushuka. Hapo kafara huwa kubwa.