Fidia imeingia akaunti isiyo yako: barua kwa kampuni ya bima

“Kampuni ya bima imetuma fidia ya gari langu kwenye akaunti ya mtu nisiyemjua. Barua niiandikeje?”

Ndugu, barua iende kwa meneja wa madai, si benki, kwa kuwa aliyetuma fedha ndiye mwenye uwezo wa kuiagiza benki yake iombe zirudishwe. Taja namba ya dai, kiasi, tarehe ya malipo na namba zote mbili za akaunti, kisha tenganisha maombi mawili: warejeshe malipo yaliyopotea, na wakulipe upya bila kungoja urejeshaji huo. Utengano huu ndio uti wa mgongo wa barua, maana fedha zikishaingia, benki iliyozipokea kwa kawaida hudai ridhaa ya mwenye akaunti, naye huenda amekwishazitoa.

Ambatisha nakala ya fomu ya dai yenye akaunti uliyoandika pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha hukupokea kitu. Kama fomu inasomeka 0147 nao wakalipa 0174, kosa ni lao na deni lingalipo. Kama uliikosea wewe, hoja ya kulipwa upya hudhoofika. Usisaini hati yoyote inayosema umeshalipwa.